Nimelipa kodi ya miezi sita Tanga, mwenye nyumba anasema nisubiri kwanza, mpangaji wa zamani hajatoka. Nifanyeje?

#1 NesiMgeni
Habari zenu wakuu. Nimehamishiwa Tanga kikazi nikitokea Dodoma, na hapa sina ndugu. Mwezi uliopita nilikuja siku mbili kutafuta nyumba. Dalali akanipeleka Mabawa, vyumba viwili na sebule, choo ndani, LUKU ya peke yake, kodi 180,000 kwa mwezi. Tarehe 10 Februari nikalipa miezi sita, yaani 1,080,000, tukasaini mkataba mbele ya mjumbe. Dalali naye nikampa ya kwake ya mwezi mmoja, 180,000. Mkataba unasema naingia tarehe 1 Machi na unaisha tarehe 31 Agosti.

Tarehe 28 Februari jioni fuso lenye vyombo vyangu limeshapita Segera, baba mwenye nyumba ananipigia: "Mwanangu, vumilia kidogo, yule aliyekuwemo hajatoka. Nipe mpaka mwisho wa mwezi." Vyombo vipo kwenye gereji ya mfanyakazi mwenzangu Chumbageni. Mimi na mtoto tuko gesti, 25,000 kwa usiku, leo usiku wa tatu.

Naomba kujua mambo mawili. Ana haki ya kuniahirishia hivi? Na hizi siku ninazolala gesti, zinaliwa kwenye miezi yangu sita au la?

#2 Kibo_Kange
Pole dada. Hapo hakuna mpangaji wa zamani, kuna mtu kaja na dau kubwa kuliko lako. Tangu kazi za bomba la mafuta Chongoleani zianze, wenye nyumba Tanga wamejua kupandisha. Utaambiwa mwisho wa mwezi, halafu mwisho wa mwezi mwingine, mpaka uchoke uombe hela yako.

#3 Chumvi_Limau
Dada usitoke humo ndani hata akija na mwenyekiti wa mtaa. Sheria iko wazi, mwenye nyumba lazima akupe notisi ya miezi mitatu. Funga mlango, lala. Akigusa kitasa mpige picha.

#4 NesiMgeni
@Chumvi_Limau asante, lakini mimi ndiye ninayetaka kuingia. Niko gesti.

#5 Chumvi_Limau
Aisee samahani, nilisoma mbio mbio. Lakini basi ndiyo hivyo hivyo, huyo aliyemo ndiye mwenye miezi mitatu yake. Kama hakupewa notisi, mwenye nyumba hana ubavu wa kumtoa na wewe itabidi usubiri.

#6 Mzee_wa_Ngamiani
Nilikuwa karani katika baraza la ardhi na nyumba kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Hiyo miezi mitatu inayotajwa kila uzi wa nyumba ni kumbukumbu ya zamani. Tulikuwa na sheria ya udhibiti wa pango ya mwaka 1984 iliyomlinda mpangaji sana, nayo ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi kinachoangaliwa kwanza ni mkataba. Kama mkataba wa yule wa zamani ulikuwa na tarehe ya mwisho, tarehe ikifika umekwisha wenyewe, isipokuwa wao wawili wawe wameandika vingine.

Binti, majibu yako ni haya. Kukuahirishia hana haki, maana tarehe ya kuingia mliiandika na pesa ameipokea. Ila usiende kugombana na aliyemo. Wewe na yeye hamna mkataba wowote. Aliyekuahidi nyumba tupu ni mwenye nyumba, na jukumu la kuipata tupu ni lake. Hata ukifika barazani, unayemdai ni yeye peke yake.

Kuhusu siku za gesti, jihadhari sana hapo. Mkataba wako una tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ukinyamaza, ukaingia tarehe 1 Aprili, Agosti 31 atakuja kukwambia miezi sita imetimia. Mwezi mzima umekwenda, 180,000. Kodi yako kwa siku ni 6,000, basi kila siku unayokaa nje ihesabu hivyo. Mwandikie leo hii, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba hukukabidhiwa ufunguo tarehe 1 na hujakubali siku hizo zihesabiwe. Usiseme kwa mdomo tu.

#7 BintiPangani
Nakazia #6 kwenye maandishi. Mimi nilisubiri siku kumi na tisa Nguvumali kwa maneno matamu tu, "mwanangu nitakufidia". Kodi ilipoisha mzee yule alikuwa ameshafariki, watoto wake wakaniambia hawajui fidia yoyote. Nikalipa.

#8 MamaWapangaji
Mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba Pongwe, na naomba wenzangu msimhukumu yule baba kabla ya kumsikia. Mpangaji wangu mmoja aliniambia kwa kinywa chake, "Mama, mwisho wa mwezi natoka." Nikaamini, nikachukua kodi ya mtu mwingine. Siku ilipofika hakutoka. Nikimgongea, ananiambia mshahara umechelewa, mara huko anakohamia rangi haijakauka. Nilikaa miezi minne na watu wawili wananidai nyumba moja, na pesa ya yule mpya nilikuwa nimeshanunulia mabati. Sikulala. Kumtoa kwa nguvu siwezi, kung'oa mlango siwezi, nikifanya hivyo mimi ndiye nitakayeshtakiwa.

#9 Kibo_Kange
@MamaWapangaji pole, lakini kosa lako umelitaja mwenyewe. Ulichukua kodi ya mtu wakati chumba kina mtu.

#10 MamaWapangaji
Kweli mwanangu. Siku hizi naonyesha chumba baada ya kufagia. Lakini nikikaa mwezi na chumba kitupu, nayo ada ya mtoto haisubiri. Hiyo ndiyo sababu wengi tunapokea kabla.

#11 DerevaGuta
Nabeba vyombo vya wahamaji kila mwisho wa mwezi, haya nayaona sana. Dada, akikwambia "leta vyombo tukuwekee chumba kimoja huku tunamalizana na huyu", kataa. Mwaka jana nilimshusha kijana Makorora kwa mtindo huo, vitu vyake chumbani, mpangaji wa zamani sebuleni. Baada ya wiki jiko la gesi na redio havipo. Huyu anasema sijui, yule anasema mimi si mlinzi, mwenye nyumba anasema ulishaingia mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma, maana kuweka vyombo kulionekana ndiyo kuipokea nyumba.

#12 Shamba_Muheza
Kwa nini mnazunguka? Aende polisi. Kuchukua milioni ya mtu kwa nyumba yenye mtu ni utapeli.

#13 Mzee_wa_Ngamiani
@Shamba_Muheza, ukienda kituoni na mkataba ambao tarehe yake imechelewa siku tatu, watakuambia hayo ni madai. Jinai inakuja kama alijua tangu siku ya kupokea fedha kwamba nyumba haitakuwa tupu, akakudanganya ili ulipe. Kulithibitisha hilo ni kazi nyingine.

Na kabla ya yote, @NesiMgeni, nenda ukajue ukweli mwenyewe. Nenda na mjumbe aliyeshuhudia mkataba. Uliza taratibu vitu viwili: mkataba wa aliyemo uliisha lini, na je, mwenye nyumba amepokea pesa yoyote kwake baada ya tarehe hiyo. Hilo la pili ndilo zito. Mtu ambaye mkataba wake umekwisha, halafu mwenye nyumba anaendelea kuchukua kodi mkononi mwake, huwezi tena kumwita mkaidi. Inaweza kuhesabiwa kwamba wamejianzishia upangaji mwingine wa mwezi kwa mwezi, na kumtoa kukalazimika kuanza upya.

#14 Kibo_Kange
Angalia na LUKU. Kama umeme unanunuliwa kila siku mbili, humo ndani kuna watu wengi, si mtu anayefunga mizigo.

#15 NesiMgeni
Nimerudi. Nimekwenda leo jioni na mjumbe. Nimetoka pale nimenyong'onyea.

Aliyemo ni mama, anakaa eda. Mumewe alifariki tarehe 9 Januari. Sikumwona, nimezungumza na shemeji yake barazani. Anasema mkataba wa marehemu uliisha tarehe 28 Februari, na mwenye nyumba alihudhuria mazishi na hitima. Wao walimwomba mwenye nyumba amwache mama amalize eda yake mle mle ndani ndipo wamchukue kwao Lushoto, naye mwenye nyumba akaitikia. Kodi ya Machi wameshampa.

Sasa nakumbuka siku niliyoletwa kuangalia nyumba. Sebuleni kulikuwa na mkeka, wanawake watatu wamekaa, na mlango wa chumba kimoja haukufunguliwa. Nilimwuliza dalali, akasema ni wageni. Sikuuliza zaidi, nilikuwa na basi la kuwahi.

#16 BintiPangani
Subhanallah. Kwa hiyo alikuwa msibani tarehe 9 Januari, tarehe 10 Februari akapokea hela yako.

#17 Ami_wa_Donge
Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Kutoka 9 Januari inamalizika 19 Mei. Baba wa watu huenda hakudanganya, ameshikwa pande mbili. Umtoe mjane kwenye eda, Mabawa nzima itakusema mpaka siku yako ya kufa. Umwache, mgeni wa watu analala gesti. Ningekuwa mimi, nami ningepiga simu ile ile.

#18 Mwalimu_Usagara
@Ami_wa_Donge, eda inahesabiwa kwa miezi ya mwandamo, basi itatangulia siku kama mbili, tarehe 17 hivi, na mwenye kuthibitisha ni mwezi wenyewe. Kisha tuseme na la fikihi. Mjane anakaa katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, huo ndio msingi. Lakini nyumba ikiwa si yao, muda wa pango ukaisha na mwenyewe akaitaka, masheikh wameruhusu ahamie pengine na aendelee na eda yake huko. Dini haikumfunga mwenye nyumba.

#19 Ami_wa_Donge
Mwalimu, kwenye vitabu sawa. Lakini nani atakwenda kumwambia yule mama hayo, wewe? Hapa kwetu nimezaliwa, sijaona mjane akibebeshwa godoro katikati ya eda.

#20 Mwalimu_Usagara
Sisemi abebeshwe. Nasema baba yule asijifiche nyuma ya eda. Aliijua. Angemwambia dada huyu siku ile ile, "Nyumba itakuwa tayari katikati ya Mei, ukiweza subiri, usipoweza tafuta kwingine." Maneno hayo yangemaliza kila kitu.

#21 Kibo_Kange
Mimi bado sijatoka kwenye #2. Kodi ya Machi ameichukua kwa mama, kodi ya Machi ameichukua kwa dada. Nyumba moja, mwezi mmoja, kodi mbili.

#22 NesiMgeni
Nimempigia mwenye nyumba nikamwuliza hilo. Anasema waliyompa si kodi ya Machi, ni deni la maji na mwezi wa Januari ambao marehemu aliugua hakulipa. Shemeji anasema ni Machi. Risiti hakuna, walipeana mkononi. Na kuhusu eda anasema ndugu walimwahidi yeye kwamba mama atahamishwa mwisho wa Februari, kisha wakageuka. Sijui nimwamini nani.

#23 MamaWapangaji
Inawezekana kabisa waligeuka. Siku za msiba watu huahidi mengi, halafu kila mmoja anarudi kwake, mzigo unabaki kwa mmoja.

#24 Shamba_Muheza
Na dalali je? Yeye ndiye aliyesema "wageni". 180,000 yake airudishe.

#25 DerevaGuta
Dalali wa Tanga arudishe? Atakwambia kazi yake ni kukutanisha, na mlikutana. Huyo mwambie akutafutie nyingine bila kudai tena. Hapo wengi hukubali, maana anaogopa jina lake lisiharibike.

#26 Mzee_wa_Ngamiani
Binti, ukweli wa ile kodi ya Machi waachie wao, kwako matokeo ni yale yale. Una njia mbili, na uchague moja mapema kabla pesa hazijaisha gesti.

Ya kwanza ni kusubiri. Ukiamua hivyo, usikubali "mwisho wa mwezi", maana umeshajua eda inakwenda mpaka katikati ya Mei. Fanyeni nyongeza ya mkataba, karatasi moja inatosha, iseme miezi sita itaanza kuhesabiwa siku utakapokabidhiwa ufunguo na nyumba ikiwa tupu, na itaje siku ya mwisho ambayo ikipita anakurudishia fedha zote. Ukiingia 18 Mei utakuwa umekaa nje siku 78. Kwa 6,000 kwa siku hiyo ni 468,000, karibu nusu ya ulicholipa. Ndiyo maana nasema karatasi.

Ya pili ni kudai fedha yako yote. Hajakupa ulichonunua, basi arudishe. Mwandikie barua, mpe siku saba, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Akikataa, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa litakupa cheti, na siku 30 zikipita bila kusuluhisha unaweza kwenda baraza la wilaya. Jambo moja zaidi, hakikisha mkataba wako umelipiwa ushuru wa stempu. Usipolipiwa, upande wa pili utaupinga usipokelewe kama kielelezo, na utahangaika kuulipia na faini juu.

#27 Chumvi_Limau
Mzee, kwa fedha tupu si aende tu Mahakama ya Mwanzo? Binamu yangu alidai kodi yake huko, akapata.

#28 Mzee_wa_Ngamiani
Nimeona yaliyopokelewa na nimeona yaliyotupwa nje kwa hoja kwamba ni mgogoro wa nyumba. Inategemea dai limeandikwaje na hakimu analionaje. Ndiyo maana mimi humshauri mtu aanzie kata.

#29 BintiPangani
Na za gesti? Nani atazilipa?

#30 Mzee_wa_Ngamiani
Azidai, risiti azitunze. Hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunja mkataba hudaiwa. Lakini atatakiwa kuonyesha hakukaa gesti miezi mitatu ilhali nyumba za kupanga zipo.

#31 Ami_wa_Donge
Zamani tuliambiwa Tanga waja leo waondoka leo. Siku hizi waja leo na hakuna aondokaye.

#32 DerevaGuta
Ami, kuna wanaoondoka, mimi ndiye ninayewabeba. Tatizo wanaondoka tarehe tano, na wenzao wanaingia tarehe moja.

#33 NesiMgeni
Wakuu, mrejesho, leo 21 Machi. Nimechagua fedha yangu. Kusubiri mpaka Mei na mtoto nisingeweza, na kusema kweli nisingeingia kwa amani nyumba ambayo mama wa watu anatolewa kwa ajili yangu. Nilipeleka barua, siku ya sita akaniita kwa mtendaji. Amenipa 480,000 na ameandika 600,000 zilizobaki atalipa kufikia 30 Aprili, mtendaji amegonga muhuri. Za gesti amekataa, sijaziachia. Dalali amenipatia nyumba Sahare bila malipo mapya. Safari hii nilifungua kila mlango, na funguo nilipewa kabla sijatoa hela.

Asanteni sana, hasa Mzee wa Ngamiani.

#34 MamaWapangaji
Alhamdulillah. Huyo baba akilipa hiyo laki sita, mshukuru.

#35 NesiMgeni
Kuna jambo moja linanisumbua. Jana nilipita pale nimwambie shemeji kwamba mimi siisubiri tena nyumba, mama amalize eda yake kwa utulivu. Akashangaa. Akaniuliza, "Basi yule aliyekuja na futi kupima madirisha ya mapazia si mtu wako?"

#36 Kibo_Kange
Alikuja lini?

#37 NesiMgeni
Jumamosi iliyopita. Barua yangu nilikuwa sijaipeleka.

#38 MamaWapangaji
Anaweza kuwa fundi wake tu, au binti yake anataka kuingia mwenyewe. Wengine hufanya hivyo mpangaji akifariki.

#39 Kibo_Kange
Au ni mwenzake NesiMgeni, amelipa miezi sita na anaambiwa asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Dada, una namba ya yule dalali. Mwulize kama tangu Februari amempeleka mtu mwingine pale.

#40 NesiMgeni
Nimempigia mara mbili. Hapokei.